Dawa hujulikanaje kuwa inakinga? Somo la tarafa 24 za Kusini

Na Mwandishi Wetu

CHUKULIA mama mkazi wa Nambilanje, wilayani Ruangwa, aliyempeleka mwanawe wa miezi mitatu kliniki kupata chanjo. Muuguzi, baada ya kumchoma mtoto sindano, anaponda kipande cha kidonge, anakichanganya na maji kidogo na kumnywesha. Anamweleza mama kuwa hiyo ni dawa ya kumkinga mtoto na malaria. Masika yanapita, mbu wanajaa, na mtoto haugui. Mama anarudi nyumbani akiwasimulia jirani zake kuwa dawa ile ni kiboko.

Je, mama huyo anasema kweli? Inawezekana. Lakini inawezekana pia kuwa mtoto asingeugua hata kama asingenyweshwa chochote. Huenda hulala ndani ya chandarua, huenda nyumba yao iko mbali na mabwawa, au huenda mwaka ule mvua zilikuwa haba. Mama ameona jambo moja tu, yaani mtoto aliyekunywa dawa. Hakumwona, wala hawezi kumwona, mtoto huyo huyo katika msimu huo huo akiwa hakuinywa.

Hilo ndilo tatizo ambalo wataalamu wa utafiti wa tiba hulitatua kwa njia inayoitwa jaribio la nasibu lenye kundi la kulinganishia. Dawa iliyotajwa hapo juu, inayofahamika nchini kwa jina la SP, ilipitia majaribio ya aina hiyo hapa hapa Tanzania: kwanza Ifakara mkoani Morogoro, kisha katika mikoa ya Kusini, zikiwamo wilaya za Nachingwea na Ruangwa, na pia Korogwe na Same. Majibu yaliyopatikana hayakufanana, na tofauti hizo zinaeleza vizuri zaidi kuliko nadharia jinsi majaribio haya yanavyofanya kazi na mahali yanapokwama.

Ushuhuda peke yake hautoshi

Wasomaji wengi watakumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa Sh500. Waliojisikia nafuu walisimulia kwa furaha, na simulizi zao zikasafiri haraka kuliko magari yaliyowabeba. Waliozidiwa au kufariki dunia baada ya kurejea makwao hawakuwa na nafasi ya kusimulia.

Hapo ndipo ushuhuda unapopotosha, hata pale ambapo kila msimuliaji ni mkweli. Magonjwa mengi hupanda na kushuka yenyewe. Mgonjwa hutafuta dawa mpya siku anapokuwa amezidiwa, na baada ya siku hiyo hali yake, kwa kawaida, hupata nafuu kidogo kwa vyovyote vile. Aidha, mtu aliyesafiri mbali na kulipa nauli huwa na tumaini, na tumaini hubadili jinsi anavyoyaeleza maumivu yake.

Njia ambayo wengi hudhani inatosha ni kulinganisha waliotumia dawa na wasiotumia. Hata hiyo ina kasoro. Kama muuguzi angewapa SP watoto wa akina mama wanaoitaka tu, angejikuta amewapa zaidi watoto wa wazazi wanaohudhuria kliniki bila kukosa, wenye vyandarua na wenye uwezo wa kufika zahanati mapema mtoto anapopata homa. Watoto hao wangeugua kidogo zaidi hata kwa maji matupu. Tofauti kati ya makundi mawili ingekuwapo, ila isingekuwa ya dawa.

Kura inavyoondoa upendeleo

Ufumbuzi ni kuliondoa suala la nani apate dawa mikononi mwa watu wote: mzazi, muuguzi, hata mtafiti mwenyewe. Uamuzi unaachiwa kura. Kura haijui mtoto yupi ana chandarua, yupi ni dhaifu wala yupi ni mtoto wa mwenyekiti wa kijiji. Kwa hiyo, watoto wakiwa wengi vya kutosha, wenye vyandarua hugawanyika takriban nusu kwa nusu katika makundi yote mawili, na vivyo hivyo walio dhaifu, walio karibu na mabwawa na wale wenye tofauti ambazo hakuna aliyefikiria hata kuzipima. Kinachobaki kuwatofautisha ni kitu kimoja tu, dawa.

Njia hii ilipata umaarufu mwaka 1948, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilipotangaza matokeo ya jaribio la streptomaisini kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu cha mapafu. Mtakwimu Austin Bradford Hill alipanga kura mapema na kuiweka ndani ya bahasha zilizofungwa. Daktari alikubali kwanza kuwa mgonjwa anafaa kuingia katika jaribio, kisha ndipo bahasha ikafunguliwa. Utaratibu huo una sababu. Daktari akijua kuwa nafasi inayofuata ni ya dawa, ataelekea kumwingiza mgonjwa anayemwonea huruma, au yule anayedhani atapona, na kura inakuwa imeharibika kabla haijaanza kazi. Hadi leo, swali la kwanza ambalo mtaalamu huuliza kuhusu jaribio lolote ni hili: je, aliyewaandikisha washiriki aliweza kuijua kura kabla ya kuwaandikisha?

Jaribio la Ifakara

Jaribio la kwanza la kuwapa watoto wachanga SP pamoja na chanjo zao za kawaida lilifanyika Ifakara, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001. Watoto 701 waliingizwa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa SP mara tatu, mtoto akiwa na umri wa miezi miwili, mitatu na tisa, yaani siku zile zile za chanjo. Kundi la pili lilipewa dawa bandia, kidonge kinachofanana na dawa halisi lakini kisicho na dawa ndani yake. Watoto wote, wa makundi yote mawili, walipewa madini ya chuma kati ya umri wa miezi miwili na sita.

Dawa bandia huwashangaza wengi, na wapo wanaoiona kuwa ni udanganyifu. Kazi yake ni kuficha. Mzazi akijua mtoto wake hakupata dawa, anaweza kuongeza uangalifu, au kumkimbiza hospitali kwa kila homa. Daktari akijua mtoto alipata dawa, anaweza kusita kuandika kuwa ana malaria. Wote wasipojua, makosa yao yanaangukia makundi yote mawili kwa kipimo kile kile na hayawezi kuzaa tofauti ya uongo. Ni orodha ya siri tu inayojua nani alipewa nini, na hiyo hufunguliwa mwishoni.

Wazazi huelezwa mapema kuwa mtoto anaweza kuangukia kundi lolote, na wana haki ya kukataa. Jambo hilo lina uhalali kwa sharti moja: wakati jaribio linaanza, hakuna ajuaye kwa hakika kundi lipi litanufaika. Kama tiba yenye uhakika ipo tayari, dawa mpya hulinganishwa na hiyo, na mgonjwa hanyimwi tiba kwa ajili ya utafiti. Nchini Tanzania, utafiti wa aina hii huhitaji kibali cha maadili kinachosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kibali cha mamlaka inayosimamia dawa.

Orodha ya Ifakara ilipofunguliwa, hesabu zilikuwa hivi. Katika mwaka wa kwanza wa maisha, kundi la dawa bandia lilipata malaria kwa kiwango cha matukio 36 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Kundi la SP lilipata matukio 15. Watafiti walikadiria kuwa dawa ilipunguza malaria kwa asilimia 59. Upungufu mkubwa wa damu ulipungua kwa nusu.

Asilimia hiyo 59 inahitaji kusomwa kwa utulivu. Haina maana kuwa watoto 59 kati ya 100 waliokolewa na malaria. Maana yake ni kuwa, kati ya matukio 36 ambayo yangetokea, takriban 21 yalizuiwa. Namba zote mbili ni za kweli, lakini habari inayotaja asilimia bila kutaja matukio inaweza kumfanya msomaji aone muujiza mahali palipo na faida ya kawaida. Kama ugonjwa ungekuwa nadra, kwa mfano matukio mawili kwa watoto 100, punguzo lile lile la asilimia 59 lingezuia tukio moja tu na kidogo.

Pia, 59 ilikuwa kadirio. Watafiti waliandika kando yake kuwa ukweli huenda ukawa popote kati ya asilimia 41 na 72. Upana huo unatokana na uchache wa washiriki. Kura iliyorushwa mara 701 haigawanyi watu sawasawa kabisa, na kadiri washiriki wanavyokuwa wachache ndivyo bahati inavyokuwa na nguvu zaidi. Jambo la kutazama ni kama upana huo unagusa sifuri. Huu haukugusa, hivyo bahati pekee isingeweza kuwa maelezo ya kuridhisha.

Tarafa zapigiwa kura

Ifakara ilikuwa imethibitisha kuwa dawa ikinyweshwa kwa uangalifu chini ya macho ya watafiti, inakinga. Swali lililobaki lilikuwa tofauti. Je, itakinga ikitolewa na wauguzi wale wale, katika zahanati zile zile za vijijini, kwa akina mama wanaotembea kwa miguu kwenda kliniki na pengine kuikosa siku ya tatu?

Ili kulijibu, watafiti walikwenda Kusini. Katika wilaya sita za vijijini, zikiwamo Nachingwea na Ruangwa, zilikuwapo tarafa 24. Safari hii kura haikupigwa kwa mtoto mmoja mmoja. Ilipigwa kwa tarafa nzima. Tarafa 12 zilizochaguliwa zilianza kutoa SP pamoja na chanjo mwezi Aprili 2005, na tarafa 12 zilizobaki ziliendelea na huduma za kawaida.

Upo ugumu wa wazi katika kumtaka muuguzi mmoja wa zahanati ya kijiji ampe dawa mtoto huyu na kumnyima yule kwa kufuata orodha, huku foleni ikiwa ndefu na mama hawa wawili wakiwa mtu na shemeji yake. Utaratibu wa zahanati ungevurugika, na kinachopimwa kisingekuwa tena huduma ya kawaida. Tarafa ikiingia nzima, kila zahanati ina utaratibu mmoja tu wa kufuata.

Hata hivyo, njia hii ina gharama zake. Watoto wa tarafa moja hufanana: wanazungukwa na mabwawa yale yale, wanapata mvua ile ile na wanategemea zahanati zile zile. Kwa hiyo, kuwapima watoto 25 wa tarafa moja hakuleti habari nyingi kama kuwapima watoto 25 waliochaguliwa mmoja mmoja kutoka kila pembe. Kwa upande wa takwimu, jaribio lenye mamia ya watoto lina nguvu inayokaribia zaidi ile ya tarafa 24 kuliko ile ya idadi ya watoto wenyewe. Aidha, hapakuwapo na dawa bandia. Kila mtu alijua tarafa yake iko upande gani. Ndiyo maana kipimo kikuu kilikuwa damu. Vimelea vya malaria vinavyoonekana katika damu havijali mzazi anatumaini nini.

Mwaka 2006 ulifanyika uchunguzi wa kaya na kupima watoto 600 wenye umri wa kati ya miezi miwili na 11. Katika tarafa zilizokuwa zikitoa dawa, asilimia 31 ya watoto walikutwa na vimelea vya malaria. Katika tarafa za kulinganisha, walikuwa asilimia 38.

Msomaji anayekumbuka asilimia 59 ya Ifakara atauliza nguvu ya dawa imekwenda wapi. Kwanza, vitu vinavyopimwa ni tofauti: Ifakara walihesabu watoto waliougua mwaka mzima, na Kusini walitazama nani ana vimelea siku ya kupimwa. Pili, na hili ni kubwa zaidi, si watoto wote wa tarafa zenye dawa waliipata. Kutegemea jinsi ya kuhesabu, waliofikiwa walikuwa kati ya asilimia 47 na 76.

Mfano huu unaonyesha uzito wa jambo hilo. Tuchukue watoto 100 wa tarafa zenye dawa, na tuseme 50 hawakuifikia. Hao hawana kinga yoyote, hivyo wanabaki na asilimia 38 ile ile, yaani watoto 19. Tuseme 50 walioipata wana vimelea kwa asilimia 24, yaani watoto 12. Jumla ni 31 kati ya 100. Dawa yenye nguvu nzuri kwa aliyeimeza inaonekana dhaifu inapopimwa kwa jamii nzima, kwa sababu nusu ya jamii haikuimeza.

Mtego wa asilimia 22

Hapa ndipo wengi hunaswa. Watafiti walifanya pia hesabu ya pili: waliwatazama peke yao watoto waliokuwa wamepewa dawa hivi karibuni. Kati yao, wenye vimelea walikuwa asilimia 22 tu, pointi 19 chini ya watoto waliolinganishwa nao katika tarafa nyingine. Mwandishi wa habari mwenye haraka angeichukua namba hiyo na kuiweka kwenye kichwa cha habari. Kwani haionyeshi nguvu halisi ya dawa?

Inaweza kuionyesha, lakini dhamana ya kura haipo tena. Kura iligawa tarafa. Haikuamua ni mtoto yupi, ndani ya tarafa yenye dawa, angeletwa kliniki kwa wakati. Hilo liliamuliwa na umbali, afya ya mama, nauli, msimu wa kilimo na bidii ya mzazi. Tumerudi pale pale tulipoanzia: tunawalinganisha waliohudhuria na wengine, na wanaohudhuria huwa na bahati nyingi zaidi ya ile moja ya kumeza dawa.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya majaribio haya ni kuwa kila mshiriki ahesabiwe katika kundi ambalo kura ilimpeleka, awe alimeza dawa, aliikosa au aliitema. Kanuni hiyo huonekana kama ukaidi, lakini ndiyo inayolinda matokeo. Hesabu ya waliomeza tu inaweza kuongezwa kando kama maelezo, na watafiti wa Kusini walifanya hivyo kwa uwazi, wakizitoa hesabu zote mbili. Jambo la kutiliwa shaka ni taarifa inayotoa ile ya pili na kuinyamazia ile ya kwanza.

Tofauti ya 31 na 38 nayo ilikuwa na swali lake. Watakwimu huuliza: kama dawa isingekuwa na kazi yoyote, ni mara ngapi bahati ya kura peke yake ingeweza kuleta pengo kubwa kama hili? Jibu lilikuwa mara sita hivi katika kila 100. Kwa desturi, wanasayansi huanza kuridhika likiwa chini ya mara tano. Matokeo haya yalisimama mlangoni. Haikuwa sahihi kusema kuwa dawa imeshindwa, na haikuwa sahihi kusema kuwa imethibitishwa pasipo shaka. Mstari wa tano uliwekwa na desturi ya watu. Hakuna mabadiliko yanayotokea katika damu ya mtoto kati ya nne na sita. Watafiti walihitimisha kuwa mpango unaweza kutekelezwa na watumishi waliopo, na kuwa athari yake kwa malaria katika jamii inaweza kupimika ndani ya mwaka mmoja.

Dawa ile ile, jibu tofauti

Jibu moja la jaribio, hata likiwa safi, ni jibu la mahali fulani na wakati fulani. Hilo lilidhihirika katika mkoa wa Tanga na Kilimanjaro, ambako jaribio jingine lililochapishwa mwaka 2009 lilifanyika katika wilaya za Korogwe na Same. Watoto waligawanywa kwa kura katika makundi manne, moja likipata SP, mawili yakipata dawa nyingine na la mwisho likipata dawa bandia.

Vimelea vya Korogwe vilikuwa vimejenga usugu mkubwa dhidi ya SP. Dawa iliyopunguza malaria kwa asilimia 59 Ifakara haikutoa kinga yoyote iliyopimika huko. Meflokwini, dawa nyingine katika jaribio hilo, ilipunguza malaria kwa asilimia 38, lakini iliwatapisha watoto, jambo linaloifanya kuwa ngumu kutumika kwa mtoto mzima wa afya aliyekuja kupata chanjo.

Hakuna aliyedanganya Ifakara, na hakuna aliyekosea Korogwe. Vimelea vilikuwa tofauti. Mwaka huo huo wa 2009, matokeo ya majaribio sita ya SP kwa watoto wachanga yaliunganishwa, moja kutoka Tanzania, moja Msumbiji, moja Gabon na matatu Ghana, yenye jumla ya watoto 7,930. Kinga ya wastani dhidi ya malaria ilikuwa asilimia 30, nusu ya ile ya Ifakara. Kwa watafiti hilo si jambo geni: jaribio la kwanza lenye matokeo ya kuvutia mara nyingi hufuatiwa na mengine yenye matokeo ya wastani zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza njia hii mwaka 2010, liliweka sharti kuwa itumike mahali ambapo usugu wa vimelea dhidi ya SP si mkubwa. Mwongozo huo ulifanyiwa marekebisho na kupanuliwa mwaka 2022.

Kile ambacho jaribio haliwezi kukiona

Upo upungufu mmoja ambao hata jaribio lililofanywa vizuri kabisa hauukwepi, nao ni madhara ya nadra. SP, kwa mfano, inajulikana kusababisha mara chache sana upele mkali unaobabua ngozi. Tuseme katika jaribio watoto 350 walimeza dawa na hakuna hata mmoja aliyepata madhara hayo. Je, tuseme dawa ni salama?

Watakwimu wana kanuni nyepesi ya kujibu. Usipoona tukio lolote, gawa 3 kwa idadi ya waliotumia dawa. Ukweli huenda ukawa juu hadi kufikia hapo. Tatu kugawanya kwa 350 ni karibu moja katika 117. Maana yake, jaribio la ukubwa huo linaweza kukosa kabisa kuona dhara linalompata mtoto mmoja kati ya 150, achilia mbali mmoja kati ya 10,000. Kwa sababu hiyo ufuatiliaji wa dawa huendelea baada ya kusajiliwa, na taarifa ya muuguzi wa zahanati kuhusu mtoto aliyebabuka ngozi ina thamani ambayo jaribio halikuwa nayo. Hapa ushuhuda wa mtu mmoja una kazi yake: hauthibitishi kuwa dawa inakinga, lakini unaweza kuwa king'ora cha kwanza kuwa inadhuru.

Turejee sasa kwa mama yetu wa Nambilanje. Jaribio la nasibu halimwambii kama mwanawe aliokolewa na kipande kile cha kidonge. Hilo halitajulikana kamwe, kwa sababu mtoto yule hana pacha aliyeishi maisha yale yale bila dawa. Linachoweza kumwambia ni kuwa, katika watoto 100 kama wake, waliozaliwa mahali ambapo vimelea havijawa sugu na waliofikishwa kliniki siku zote tatu, ni matukio mangapi ya malaria hayatatokea. Na lilichowaambia wasimamizi wa afya wa Kusini ni jambo ambalo kidonge chenyewe hakiwezi kulirekebisha: kinga ya dawa katika tarafa hupungua kwa kila mtoto ambaye siku ya kliniki hakufika.